Aliingia Akitembea: Uchambuzi wa Ombi Moja la Ushauri wa Maadili Kutoka Chumba cha Wagonjwa Mahututi

Ombi lilifika mezani kwa kamati ya maadili Jumatatu alasiri, limeandikwa kwa mkono wa mtu mwenye haraka. Lilisema hivi: “Mgonjwa wa kike, miaka 41. Moyo ulisimama baada ya upasuaji, leo siku ya sita. Ubongo umekufa. Ndugu wamekataa mashine izimwe. Kitanda kinahitajika. Tunaomba mtusaidie kuwaelewesha.”

Hospitali yenyewe sitaitaja; itoshe kusema kwamba ni ya hapa Mwanza na kwamba wagonjwa wanaoletwa kwake hutoka kandokando yote ya ziwa. Mambo yanayoweza kumtambulisha mgonjwa nimeyabadilisha. Maneno ya ombi nimeyaacha kama yalivyoandikwa, kwa sababu karibu kila kosa tulilokuja kulikuta wodini lilikuwa tayari limejificha ndani ya sentensi hizo chache. Ombi linaanza na ugonjwa, linarukia hukumu, kisha linataja kitanda, na mwisho linaitaka kamati iwe msemaji wa upande mmoja. Kamati yetu haina mamlaka ya kuamua wala kazi ya kuwashawishi ndugu. Inachoweza kufanya ni kuuliza swali lililo sahihi na kutoa maoni. Swali la “tuwaelewesheje” lilipaswa kusubiri, kwa kuwa hatukujua bado kama yale tuliyotakiwa kuwaelewesha yalikuwa ya kweli.

Mgonjwa alikuwa mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, mama wa watoto watatu. Alilazwa kwa upasuaji uliopangwa wa kuondoa uvimbe kwenye kizazi, na aliingia hospitalini akitembea, amebeba mkoba wake mwenyewe. Upasuaji ulikwenda salama. Jumanne saa tisa alasiri, akiwa katika chumba cha kuzindukia, alikutwa hapumui na mapigo ya moyo hayapo. Kifua kilikandamizwa, adrenalini ikatolewa, na moyo ukarudi baada ya dakika 18. Kwa muda gani alikuwa hapumui kabla ya kugunduliwa, hakuna aliyeweza kusema, na jibu hilo lililokosekana ndilo lililokuwa kiini cha mengi yaliyofuata. Aliwekewa bomba la kupumulia na kupelekwa mahututi.

Mashine imepangwa mara 14, inahesabu 19

Jumanne ya siku ya saba tulikwenda wodini watu watatu: daktari wa magonjwa ya ndani ambaye hakuwa miongoni mwa wanaomtibu, afisa ustawi wa jamii, na mimi. Kabla hatujafungua faili, muuguzi wa zamu alikuwa ananyonya makohozi kwenye bomba, na mgonjwa alikohoa. Daktari wetu akatazama kioo cha mashine ya kupumulia: imepangwa impe pumzi 14 kwa dakika, lakini pumzi zilizohesabiwa zilikuwa 19. Pumzi tano zaidi zilikuwa zake mwenyewe. Tukamwangazia macho kwa tochi, na mboni zikasinyaa, polepole lakini zote mbili.

Hapo neno “ubongo umekufa” likaanguka. Kifo cha ubongo ni hali yenye masharti makali: chanzo cha koma kijulikane, kisiwepo kitu kingine kinachoweza kuiga hali hiyo, kama dawa za usingizi au mwili uliopoa, miitikio yote ya shina la ubongo, yaani sehemu ya chini inayoendesha pumzi, kikohozi na mboni, iwe imetoweka, na mgonjwa asivute pumzi hata moja anapotolewa kwenye mashine kwa muda huku hewa ya kaboni ikipanda katika damu hadi kiwango ambacho ubongo ulio hai haungeweza kukivumilia bila kuamuru pumzi. Anayekohoa anaponyonywa makohozi hajafikia hapo, na anayejivutia pumzi tano juu ya zile za mashine hajafikia hapo pia. Nilimuuliza baadaye daktari aliyeandika ombi, kijana mwenye bidii aliyekuwa amekesha usiku wa pili mfululizo, alimaanisha nini. Alijibu kwa unyoofu: “Nilimaanisha ameumia vibaya sana ubongo na sitarajii azinduke.” Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na tofauti hiyo si ya wanazuoni. Mtu ambaye ubongo umekufa ni maiti, na mashine inapumulisha maiti. Mtu aliyeumia ubongo vibaya ni mgonjwa aliye hai, na swali la kama aendelee na matibabu haya linahitaji hoja nyingine.

Ndugu walikuwa wameiona tofauti hiyo bila kusoma kitabu chochote. Mama yake mzazi, aliyekuja kutoka Magu, alikuwa ameambiwa kwenye korido kwamba ubongo wa mwanawe umekufa, kisha akaingia wodini akamwona anakohoa. Hakuhitaji hitimisho la pili. Kwake yeye madaktari walikuwa wanadanganya, na kama wanadanganya lazima kuna wanachokificha.

Siku ya saba, lakini saa ngapi tangu dawa?

Faili lilituambia jambo la pili. Usiku ule wa kwanza, muuguzi alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri kwamba kuanzia saa nane usiku hadi saa tisa kasoro dakika kumi uso, mabega na miguu ya mgonjwa vilikuwa vikishtukashtuka bila kukoma. Alipewa midazolamu kutuliza mishtuko hiyo, na mofini pamoja nayo, vyote kwa dripu inayoendelea. Dawa hizo zilisimamishwa Jumapili asubuhi. Mkutano wa koridoni ulifanyika Jumatatu. Maana yake ni kwamba hukumu ya “hana matumaini” ilitolewa takriban saa 30 baada ya kuacha dawa mbili za kulaza, kwa mgonjwa ambaye figo zake zilikuwa zimeacha kufanya kazi tangu siku ya tatu, na taka katika damu zimepanda sana, kreatinini mikromoli 520 na urea 38. Midazolamu na mofini, kwa mtu mwenye figo nzima, huondoka kwa muda unaotabirika. Kwa mtu ambaye figo zimegoma, mabaki yake yenye nguvu ya kulaza hubaki mwilini kwa siku kadhaa, na urea iliyopanda kiasi hicho huupumbaza ubongo yenyewe.

Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2021 kuhusu wagonjwa wanaobaki katika koma baada ya moyo kusimama unataka mambo ambayo ni rahisi kuyaeleza. Kwanza, hukumu isitolewe kabla ya saa 72, na kabla ya kuhakikisha kwamba dawa za kulaza na matatizo mengine yanayopumbaza ubongo yameondoka. Pili, mgonjwa awe bado haitikii maumivu kwa namna iliyo bora kuliko kukunja mkono bila mpangilio. Tatu, ziwepo dalili mbaya angalau mbili, si moja, miongoni mwa chache zinazotajwa: mboni na konea zote kutoitikia, mishtuko ya mwili isiyokoma kwa nusu saa au zaidi ndani ya siku tatu za kwanza, umeme wa ubongo ulioharibika sana, picha ya kichwa inayoonyesha madhara yaliyoenea ubongo mzima, na vipimo vingine viwili ambavyo kwetu havipatikani kirahisi. Zikikosekana dalili mbili, mwongozo hausemi mgonjwa atapona. Unasema subiri, umpime tena.

Sababu ya ukali huu inafaa kuelezwa, kwa kuwa watu huiona kama woga. Ukimhukumu mgonjwa mapema kwamba hatazinduka, kisha ukamwondolea mashine, atakufa; na kifo chake kitaingia kwenye hesabu kama ushahidi kwamba hukumu ilikuwa sahihi. Utabiri unajitimiza wenyewe, na anayetabiri hapati kamwe nafasi ya kujua kwamba alikosea.

Basi siku ya saba tulikuwa na nini? Dalili moja nzito, ile mishtuko ya dakika 50, ambayo hakuna aliyeitaja katika ombi. Mboni zilikuwa zinaitikia. Picha ya kichwa ilikuwa haijapigwa. Mkono ulijinyoosha tu pale kucha ilipobanwa, na hilo ni baya, lakini liliangaliwa dawa zikiwa bado mwilini. Maoni yangu siku hiyo, na niliyaandika, yalikuwa kwamba timu huenda iko sahihi kuhusu mwisho wa safari, lakini haikuwa na haki bado ya kusema imefika.

Ndugu hawakuwa upande mmoja

Fomu ilisema “ndugu wamekataa”, kana kwamba ni mtu mmoja. Tulipokaa nao kwenye chumba kidogo cha ustawi wa jamii, kila mmoja alikuwa na neno lake.

Mume, fundi wa injini za mitumbwi kule Igombe, ndiye aliyeweka sahihi kwenye karatasi ya upasuaji, na mkono huohuo ulikuwa ukimsuta. Alisema: “Daktari, injini ikizimika ziwani sisemi imekufa kabla sijaangalia kama mafuta yanafika. Ninyi mmeangalia?” Nilikubali moyoni kwamba lilikuwa swali bora kuliko lolote lililokuwa kwenye faili. Kaka mkubwa, aliyevuka kwa kivuko kutoka Nansio, hakutaka kuzungumzia mashine hata kidogo. Alitaka kujua nani alikuwa kwenye chumba cha kuzindukia saa tisa alasiri. Mdogo wa mgonjwa wa kike alikaa kimya muda mrefu. Mama mzazi alisema jambo moja, akalirudia: “Mimi sitaki kusikia kwamba kuna mtu alinyoosha kidole akabonyeza, mwanangu akafa.” Baadaye, watu walipokuwa wanainuka, kaka aliuliza kwa sauti ya chini swali ambalo nadhani ndilo lililokuwa limewalaza macho: “Na mkishazima, mwili tutaukomboa kwa shilingi ngapi?”

Maswali hayo hayakuwa ya namna moja. La mume lilikuwa la kitabibu, na lilistahili vipimo. La mama lilikuwa la kimaadili hasa: kama kuna tofauti kati ya kuua na kuacha kufa, na nani anabeba mkono. La kaka lilikuwa la haki na uwajibikaji, pamoja na deni. Timu ilikuwa imeyajibu yote kwa sentensi moja, kwamba hana matumaini, na kila mmoja akaisikia kama jibu la swali lake: mume alisikia hamkuangalia, mama alisikia tunataka kumuua, kaka alisikia tunataka kuzika ushahidi.

Kitanda nacho kilikuwa kimetajwa. Siku ile ya kwanza daktari alikuwa amewaambia ndugu kwamba kuna wagonjwa wengine wanaosubiri. Hilo lilikuwa kweli. Vitanda vya mahututi ni vichache, na uchache huo ni suala la maadili kwa haki yake. Lakini ugawaji wa vitanda hupangwa kwa utaratibu unaowahusu wagonjwa wote kwa vigezo vilevile, na huamuliwa na mtu asiyemtibu mmoja wao. Likiletwa kando ya kitanda, katika mazungumzo ya kama mtu huyu atazinduka, huharibu mazungumzo yote mawili: ndugu hawawezi tena kuamini utabiri wa mtu aliyekwisha kuwaambia anakitaka kitanda. Tulishauri lisitajwe tena mbele yao, na kama uongozi unaona lazima kitanda kigawiwe upya, basi hilo lifanywe waziwazi kwa utaratibu wa hospitali, si kwa kulipenyeza katika habari za ubongo.

Siku saba zenye tarehe

Tulipendekeza matibabu ya majaribio yenye mwisho. Mgonjwa angeendelea na mashine hadi Jumanne iliyofuata, siku ya 14. Katika muda huo dawa za kulaza zisirudishwe isipokuwa mishtuko ikirejea, damu isafishwe mara mbili ili urea ishuke, picha ya kichwa ya siti skani ipigwe, na uchunguzi wa miitikio ufanywe na madaktari wawili, kila mmoja kwa wakati wake, Jumamosi na Jumatatu. Yote haya yaliandikwa kwa Kiswahili kwenye karatasi ambayo ndugu walipewa nakala, pamoja na maelezo ya nini kitachukuliwa kuwa habari njema na nini kitachukuliwa kuwa habari mbaya. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Muda bila vigezo ni kuahirisha ugomvi tu. Siku ikifika, kila upande utaona ulichotaka kuona.

Kulikuwa na ubishi ndani ya kamati yenyewe kuhusu kusafisha damu. Mwenzetu mmoja aliona ni kumwongezea mzigo na gharama mtu ambaye huenda hatafaidika. Hoja yake haikuwa nyepesi. Nilijibu kwamba figo za mgonjwa huyu ziliumia kwa kukosa damu wakati moyo umesimama, na figo za namna hiyo mara nyingi hurudi. Na zaidi ya hapo, hatuwezi kumpima ubongo mtu ambaye damu yake imejaa taka kisha tukasema tumempima. Alikubali mara mbili, si mara tatu, na mimi nikaona ukomo huo una busara.

Gharama za siku hizo saba, afisa ustawi wa jamii alizipeleka kwa uongozi. Hoja ilikuwa kwamba familia haiwezi kudaiwa malipo ya mahututi yanayotokana na tukio ambalo hospitali yenyewe haijalichunguza. Uongozi ulisimamisha bili hadi uchunguzi ukamilike, na uliahidi kwa maandishi kwamba mwili hautazuiwa kwa ajili ya deni, ikifika huko. Maelezo ya kilichotokea chumba cha kuzindukia nayo yalitengwa: yangetolewa na mganga mkuu pamoja na bingwa wa usingizi ambaye hakuwepo siku hiyo, katika kikao chake, kwa tarehe yake. Nililisisitiza hilo la kutenganisha. Familia ambayo inadhani kukubali mashine iondolewe ni kusamehe kosa haitakubali kamwe, na haipaswi kulazimishwa kuchagua.

Jambo moja tulilisema mapema, na ninafurahi tulilisema. Daktari wetu aliwaambia ndugu kwamba katika wiki ya pili mgonjwa huenda akafumbua macho. Mtu aliyeumia sehemu ya juu ya ubongo, huku shina likiwa zima, hutoka katika koma akaanza kulala na kuamka kama kawaida, macho wazi, bila kujua yuko wapi wala nani yuko mbele yake. Kufumbua macho peke yake si kuzinduka. Kuzinduka ni kumfuata mtu kwa macho anapotembea, au kubana mkono anapoambiwa abane, tena zaidi ya mara moja. Aliwaonyesha ndugu namna ya kupima hilo wenyewe. Jumapili, siku ya 12, macho yalifumbuka. Mdogo wake alikaa kando ya kitanda mchana kutwa na kioo kidogo cha mkobani, akikisogeza kushoto na kulia mbele ya uso wa dada yake, kama alivyoelekezwa. Macho hayakukifuata. Kama hatungesema mapema, siku hiyo ingekuwa mwisho wa mazungumzo yote.

Siku ya 14

Picha ya kichwa ilionyesha ubongo uliovimba kila upande, mpaka kati ya tabaka lake la nje na la ndani umefutika. Urea ilikuwa imeshuka hadi 14. Madaktari wawili walikuta yaleyale: mboni zinaitikia, anajivutia pumzi, mkono unajinyoosha tu kwa maumivu. Sasa dalili nzito zilikuwa mbili, mishtuko ya usiku wa kwanza na picha, katika mtu ambaye dawa zilikuwa zimesimamishwa siku tisa kabla. Kilichotarajiwa, kwa uhakika mkubwa kadiri elimu ya sasa inavyoruhusu, ni maisha ya macho wazi bila kujitambua, kwa bomba la kulishia na tundu la kupumulia shingoni, au kifo cha maambukizo njiani.

Hapo ndipo swali la kweli lilipofika: yeye mwenyewe angetaka nini? Hakuacha maandishi. Mdogo wake ndiye aliyezungumza. Alisema baba yao alipooza upande mmoja na kupoteza kauli, na kwamba dada yake ndiye aliyemuuguza Magu kwa miaka mitatu; siku moja, akifua mashuka, alisema: “Mimi ikinifika hivi msinihangaishe. Nipumzisheni.” Mama alimkatiza: “Yalikuwa maneno ya uchovu hayo. Kesho yake aliamka akamwogesha baba yake.” Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Maneno ya mtu aliyechoka si wosia, lakini pia si upepo. Nilichokitilia uzito ni kwamba aliyasema akiijua hali yenyewe kwa mikono yake, si kwa kusimuliwa, na kwamba hakuna aliyekumbuka kumsikia akisema kinyume chake.

Mama alimwomba padre. Alikuja siku hiyohiyo, mzee mtulivu, akamweleza kwamba Kanisa lilikwisha kuulizwa swali hili tangu zamani: mwaka 1957 Papa Pio wa Kumi na Mbili, akiwajibu madaktari wa usingizi kuhusu mashine hizihizi za kupumulia, alisema kwamba mtu anawajibika kutumia njia za kawaida za kuhifadhi uhai, na halazimiki kutumia zile zinazopita kawaida na kuwa mzigo mzito. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: “Baba, nimekuelewa. Lakini kidole bado sikitaki.”

Suluhisho lilitokana na zile pumzi tano. Kwa kuwa mgonjwa alikuwa anajivutia pumzi, mashine ingepunguzwa hatua kwa hatua kama anavyoachishwa mgonjwa yeyote, kisha bomba litolewe, asirudishiwe, na moyo ukisimama kifua kisikandamizwe. Mama alilipokea hilo kwa namna ambayo hakuipokea “kuzima”. Na hapa lazima niseme lililonisumbua. Ilikuwa rahisi sana kuliacha hapo, kila mtu akiwa ameridhika na neno zuri. Lakini kama mama angeamini kwamba tunamwachisha mwanawe mashine ili aishi, tungekuwa tumerudia udanganyifu wa koridoni kwa sauti laini zaidi. Kwa hiyo daktari alikaa karibu naye na kumwambia kwa maneno mafupi: “Mama, tukitoa bomba, atapumua mwenyewe kwa saa kadhaa au siku chache. Hatarajiwi kuishi. Tutampa dawa asitaabike, na hatutamrudishia bomba.” Mama alinyamaza. Kisha akauliza kama anaweza kuwepo, na kama anaweza kumpaka mafuta. Mume akasema anakubali. Kaka akasema hapingi, ila kikao cha mganga mkuu kibaki palepale. Tuliandika maneno yote matatu kama yalivyosemwa, kwa kuwa “sipingi” si sawa na “nakubali”, na hakuna aliyekuwa na haja ya kumlazimisha kaka alibadilishe.

Bomba lilitolewa Alhamisi asubuhi. Mofini ilianzishwa kwa dozi ndogo kabla ya bomba kutoka, na ikawa inaongezwa kwa kufuata dalili zinazoonekana, yaani pumzi za haraka, mabawa ya pua kutanuka na kukunja uso, si kwa kufuata saa. Muuguzi aliandika kila dozi pamoja na sababu yake. Hivyo ndivyo mtu anavyoweza kuonyesha baadaye kwamba dawa ilifuata taabu ya mgonjwa na haikutangulia. Alipumua mwenyewe kwa siku mbili kasoro, akafariki Jumamosi alfajiri, mama yake na mdogo wake wakiwa wamekaa kando.

Kikao cha mganga mkuu kilifanyika wiki mbili baada ya maziko. Sikuwepo, na halikuwa jambo la kamati yetu. Tulichobadilisha sisi ni fomu. Mahali palipokuwa na mstari mmoja wa “sababu ya ombi”, sasa kuna mistari mitatu kabla yake: dawa za kulaza zilisimamishwa lini na saa ngapi, mashine imepangwa pumzi ngapi na inahesabu ngapi, na ndugu walisema nini, kwa maneno yao, kila mmoja peke yake. Daktari kijana aliyeandika ombi lile la kwanza ndiye aliyependekeza mstari wa pili.